Kuziba pancha ya baiskeli: maelezo ya chini ya picha 8

Kiraka kikibanduka kesho yake, usilaumu kiraka. Gundi ilikuwa mbichi ulipokibandika.

Mikono mmeiona kwenye picha. Kisichoonekana ni muda, nao ndio unaoharibu kazi nyingi.

Kati ya picha ya 4 na ya 5, yaani kati ya kupaka gundi na kubandika kiraka, pana dakika 5 hivi za kungoja. Gundi ikipakwa humeremeta. Subiri mpaka mng'ao upotee. Kukiwa na baridi, ongeza dakika. Usiipulizie kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Wala usiijaribu kwa kidole pale kiraka kitakapokaa: mafuta ya ngozi yanatosha kukifanya kisishike. Ukishindwa kujizuia, gusa pembeni kabisa. Safu iwe nyembamba, ipite ukingo wa kiraka kwa kama sentimita 1. Ikiwa nene hukauka juu tu, chini ikabaki majimaji.

Kuhusu msasa wa picha ya 3: tyubu nyingi zina mshono, ule mstari ulioinuka. Tundu likiwa juu yake, sugua mpaka mstari ulale. Usipolala, upepo utapita ubavuni mwake chini ya kiraka, hata ukikikandamiza namna gani.

Sasa tundu lenyewe, maana linasema limetoka wapi:

Upande wa barabara: mwiba, waya au kigae cha chupa, na huenda bado kimo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa ndani, kitanasa. Usitumie kidole, kitachanika.

Upande wa rimu: utepe wa rimu umesogea na ncha ya spoku inachoma. Ukiziba bila kuurudisha, utaziba tena.

Matundu mawili sambamba: upepo ulikuwa mdogo, gurudumu likagonga ukingo wa shimo barabarani, tyubu ikabanwa kwenye rimu. Hapo usitafute mwiba. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Kwenye shina la vali: halizibiki. Badilisha tyubu.

Mliouliza kwa nini katika picha ya 1 maandishi ya tairi yametazamana na vali: ni alama. Ukilipata tundu, pima umbali wake kutoka kwenye vali, kisha kagua tairi umbali huohuo. Hukumbuki tyubu ilikaa upande gani? Kagua kulia na kushoto kwa vali.

Viraka vya kujinata visivyotaka gundi tunabeba pia, ila ni vya kukufikisha nyumbani tu.

Hifadhi chapisho hili sasa, siku ya pancha mikono itakuwa michafu. Na utuambie kwenye maoni: tundu lako la mwisho lilikuwa upande wa barabara au wa rimu?

#baiskeli #pancha #fundibaiskeli