Kaka wa Nyota Moja, Pilau Lako Lipo

Assalamu alaikum, habari zenu jamani. Mimi ndiye mwenye mgahawa huu wa hapa Magomeni, na leo naongea na kaka yetu aliyekula hapa Ijumaa akatupa nyota moja. Nasoma alivyoandika: "Pilau lina vipande vya mti na misumari. Wapishi wachafu. Msiende."

Kaka yangu, hayo niliyasoma saa nne usiku, nimeshaoga. Nikajifunga kanga, nikarudi jikoni na tochi kutafuta msumari. Nimekagua masufuria, miko, hadi stuli anayokalia kijana wa vyombo. Misumari yote iko mahali pake!

Asubuhi, namwaga viungo kiganjani, ndipo nikacheka mpaka machozi. Ngoja nisogeze mkono mwone. Hii karafuu: kijiti, na juu kichwa cha mviringo. Msumari kabisa! Ni kitumba cha ua kilichokaushwa juani, na hizi zangu zimetoka Pemba. Na huu hapa ndio mti wako, mdalasini. Ni gome kweli, wanalibandua, likikauka linajikunja hivi. Kwa hiyo kwenye mti, kaka, umeshinda.

Bizari nyembamba tunaitwanga, ila karafuu, iliki na mdalasini tunatia vizima, harufu itoke polepole wali ukiwa unaiva. Mlaji anavitenga pembeni ya sahani. Sisi tuliokulia kwenye pilau la shughuli tunadhani kila mtu anajua, kumbe mgeni anatakiwa aambiwe. Na ukiing'ata karafuu ulimi wote unakufa ganzi, hasira zako nazielewa. Kwa hilo naomba radhi, mhudumu wetu alipaswa kukwambia.

Ila kwenye uchafu nakataa. Dada zangu hawa wanaingia saa kumi na moja alfajiri, mchele wanauchambua kwenye ungo kabla haujaguswa na maji. Lile neno limewauma, na mimi nawatetea.

Halafu nimeuliza sahani yako ilirudi vipi. Nimeambiwa wali umekwisha, nyama imekwisha, imebaki misumari sita na kipande cha mti, vimepangwa vizuri ukingoni. Kaka, mbona ulikula kama mtu wa Pwani! Nimefurahi sana.

Na nyie mnaomtukana kule chini, acheni. Ni mteja wangu, alilipa hela yake, akasema lililomkera.

Njoo Ijumaa hii, baada ya swala, sahani ni juu yangu. Nimeshona kifuko cha kitambaa cheupe, hiki hapa. Viungo vyako navifunga humu, natumbukiza kwenye sufuria dogo la peke yako, wali ukiiva nakitoa. Harufu utaipata, msumari hutauona.

Niambie tu mapema: kachumbari nikutilie pilipili, au niache?