Mama, mweke kifuani

Mama Salma, pole kwa uchovu. Mwanao ana kilo 1.6, kazaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Hana mafuta ya kutosha mwilini, ndiyo maana apoa upesi, hata na joto hili la Malindi. Dawa yake kubwa ni kifua chako.

Fungua dera. Yeye avae nepi, kofia na soksi tu. Mlaze wima katikati ya maziwa, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa kigeuzie upande, kidevu kisibane shingo, apate kupumua vizuri. Sasa mfunge kwa leso. Ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake. Ikaze hata ukisimama asiteleze, lakini tumbo lake lipate nafasi.

Si kwa nusu saa, mama. Saa 8 kwa siku ndiyo angalau, na zikifika 20 ni bora zaidi. Ukilala, egemea mito. Ukienda kuoga, babake au nyanyake ampokee kifuani vivyo hivyo. Wanaume waona haya mwanzoni, kisha hawataki kumrudisha.

Mnyonyeshe kila baada ya saa 2 au 3, hata usiku. Akishindwa kuvuta, kamua, tumpe kwa kikombe.

Ukiona amesita kupumua, midomo imegeuka buluu, amepoa au amekataa maziwa, niite papo hapo. Usingoje nipite.

Haya, leso yako iko wapi? Tumfunge pamoja.