Nondo na Mshumaa: beti moja ya Mir Taqi Mir kwa Kiswahili

*Kuchh na dekha phir bajuz yak shola-e-pur-pech-o-taab*
*Sham'a tak to hamne dekha tha ke parwana gaya*

Kingine hatukuona, ila mwali wajizonga
Hadi penye mshumaa, tulimwona nondo kenda

Mir, mshairi wa Kiurdu, alizaliwa Agra, India, mwaka 1723, akafia Lucknow mwaka 1810. Nimeitafsiri beti hii kwa ajili ya jirani yangu hapa Mombasa, mzee wa Kipunjabi ambaye umeme ukikatika huisoma kwa sauti barazani, halafu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekata umeme. Alitaka aisikie kwa Kiswahili, lugha anayogombana nayo sokoni kila siku.

Kazi iliyonisumbua kwa wiki nzima ni kutoongeza kitu. Kwa washairi wa Kiurdu nondo ni mpenzi na mshumaa ndiye anayependwa, lakini kwenye beti hii hakuna neno mapenzi. Hakuna moyo, hakuna chozi, hakuna ole. Anayesema si nondo, ni watu waliokuwa wamekaa wakitazama. Walimwona mpaka penye mshumaa, basi. Kwenye rasimu ya kwanza nilitia "kwa huba", na palepale ikawa kadi ya harusi.

Mpangilio pia sikuugusa. Moto unatangulia, nondo anakuja mwisho kabisa, wakati keshakwisha. Ukianza na nondo akiruka kuelekea taa umesimulia kisa cha mdudu. Mir anakuonyesha kwanza mwali unaofurukuta, unabaki kujiuliza una nini, ndipo anakwambia.

Bahati ilinikuta kwenye maneno mawili. Sham'a na mshumaa ni ndugu wa damu, wote wana asili ya Kiarabu, kwa hiyo hapo sikutafsiri, nilimkaribisha tu. La pili ni mwali. Kwetu mwali ni ulimi wa moto, na mwali ni msichana aliyewekwa ndani akifundwa. Upatanisho wa "wajizonga" unasema ni moto, lakini sikio la Mswahili litamsikia na yule mwingine nyuma ya pazia. Mpenzi akaingia kwenye beti bila mimi kumtaja.

Pech-o-taab ni kujipinda na kujisokota, na papo hapo ni dhiki ya mtu asiyetulia. Nilijaribu "wajipinda", ambayo ingenipa kina na "kenda". Kina kilikaa vizuri, maana ikahama: kinachojipinda ni tawi. Kuzonga kuna mzunguko wa kamba na kuna kuzongwa na mawazo, yote mawili. Mistari ya Mir yenyewe haina kina kimoja hapa, basi nami nikaviacha vina, wazee wa shairi wanisamehe. Mizani nimetunza, nane kwa nane. Kipimo cha Kiurdu ni silabi kumi na tano kwa mstari, zetu kumi na sita, tofauti ya pumzi moja. Kilichonitoka ni "yak", yaani mmoja: mwali mmoja tu. Sikupata pa kumweka, na bado unaniuma.

Nondo alinipa tabu kuliko wote. Mtaani ukisema nondo, fundi anauliza ni za milimita ngapi. Kanisani ni yule anayekula nguo pamoja na kutu. Nikafikiria kipepeo, lakini kipepeo ni wa mchana na wa maua, na kwa washairi wa Kiurdu mpenzi wa ua ni ndege bulbuli. Hicho ni kisa kingine kabisa. Kumbikumbi anaipenda taa, kweli, ila huja kwa maelfu baada ya mvua na kuna wanaomkaanga. Nikarudi kwa nondo. Akishasimama karibu na mshumaa, chuma kinasahaulika.

Usiku nilipompelekea, taa zilikuwa zimezimika tena na koroboi iko kati yetu, inatoa moshi. Mstari wa kwanza nikausoma, nikanyamaza. Mzee akapunga mkono: rudia. Ndivyo mushaira, kikao cha kusomeana mashairi, unavyokwenda: mstari wa kwanza hurudiwa ili watu wakae roho juu. Nikarudia. Akatikisa kichwa kwa "wajizonga", akavipinda vidole vyake hewani mara mbili.

Nikaingia wa pili polepole. Hadi penye mshumaa, tulimwona nondo...

Kabla sijafika, mzee akalimalizia mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Kenda."