Mtoto wa mbwa wa kwanza nyumbani: chakula, chanjo na mafunzo ya mwanzo

Skripti ya video, dakika 11 hivi. Imepigwa kwenye lupango, Katuba, Lubumbashi. Hakuna muziki. Wanaosema ni YAYA na mdogo wake HERI.

[Picha: asubuhi, jua la mwezi wa 7. Bobi amelala juu ya kitambaa kizee. Kamera iko chini, usawa wa macho yake. Sekunde 5 bila maneno.]

YAYA: Jambo. Huyu ni Bobi. Alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 5, na leo ni tarehe 15 mwezi wa 7, kwa hiyo ametimiza wiki 8. Ametoka kwa mama yake jana. Hapa kwetu wengi wanapewa mtoto wa mbwa akiwa na wiki 4 au 5, kwa sababu ameshaanza kulamba bukari na mwenye mama anataka kupunguza midomo. Ukiweza, mwachie mama yake mpaka wiki 8. Katika zile wiki za mwisho mama na ndugu zake wanamfundisha kitu ambacho sisi watu tunamfundisha kwa shida: kuuma bila kuumiza.

Usiku wa jana alilia. Ni kawaida, hajawahi kulala peke yake. Na mwezi huu baridi ya Lubumbashi inauma. Tulimwekea katoni yenye nguo nzee, karibu na kitanda cha Heri, ili asikie mtu anapumua. Msifikiri kwamba mkimbembeleza ataharibika. Akiwa na woga hawezi kujifunza lolote.

[Picha: jikoni. Bakuli mbili: moja ya maji, moja tupu. Kapenta kavu kwenye sahani.]

YAYA: Tuanze na chakula. Katika umri huu anakula mara 4 kwa siku, kidogo kidogo. Akitimiza miezi 3, mara 3. Baada ya miezi 6, mara 2. Maji safi yawepo wakati wote.

HERI: Yaya, tunampa bukari tu, si ndiyo? Mbwa wa jirani anakula bukari tu.

YAYA: Mbwa wa jirani amekomaa, na hata yeye ingemfaa zaidi akipata kitu pembeni. Mtoto anajenga mifupa na nyama ya mwili. Bukari inamshibisha, lakini haina vya kumjenga vya kutosha. Tazama ninavyofanya.

[Picha: mikono ya Yaya. Anaosha kapenta, anazichemsha, anamwaga maji ya kwanza.]

YAYA: Kapenta ninaziosha, ninazichemsha, maji ya kwanza ninayamwaga kwa sababu ya chumvi. Ninaziponda pamoja na vichwa na miiba yake. Miiba hii ni laini, na ndimo calsiamu ilimo. Kisha sehemu moja ya bukari au mchele, sehemu moja ya kapenta, na kijiko cha boga au karoti iliyoiva. Siku nyingine badala ya kapenta ni yai lililochemshwa, au nyama ya matumbo iliyopikwa vizuri. Maini mara moja kwa wiki yanatosha, yakizidi vitamini A inamdhuru. Chakula kipoe kabisa kabla ya kumpa.

Mwenye uwezo wa kununua kroketi, achague za watoto wa mbwa na afuate kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Lakini usibadili chakula ghafla. Leo ongeza kidogo cha kipya, kesho kidogo tena, mpaka wiki iishe. Ukibadilisha kwa siku moja atahara, halafu utadhani ni ugonjwa.

[Picha: Yaya ameshika konzi ya unga mbele ya kamera.]

YAYA: Hapa naomba mnisikilize vizuri. Unga wa mahindi ulioshika ukungu, ule ambao watu wanasema "huu tumwachie mbwa", usimpe mbwa. Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu, na ini la mbwa haliivumilii. Kuupika hakuondoi sumu. Unga ambao wewe huwezi kula, yeye pia hawezi.

Vingine vya kumwepusha: kitunguu na kitunguu saumu, vinaharibu damu yake. Kwa hiyo sombe iliyoungwa kwa vitunguu si chakula chake. Chokoleti. Zabibu. Pipi na chingamu zisizo na sukari. Mifupa ya kuku iliyopikwa, maana inapasuka na kuchoma utumbo. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi wao. Pombe hata tone. Na pilipili ya kumfanya awe mkali haimfanyi mkali, inamchoma tumbo tu.

Kujua kama anashiba, pitisha mkono ubavuni. Mbavu uzisikie chini ya vidole bila kuziona kwa macho.

[Picha: Bobi anakula. Sekunde 8, sauti ya kulamba tu.]

[Picha: meza, kitabu cha chanjo kimefunguliwa.]

YAYA: Sasa chanjo. Ndipo watu wengi wanapoanza vizuri halafu wanaacha njiani.

Kwanza minyoo. Watoto wa mbwa karibu wote wanazaliwa na minyoo au wanaipata kwenye maziwa ya mama. Wanapewa dawa kuanzia wiki 2, kila baada ya wiki 2 mpaka wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Kipimo kinafuata uzito, kwa hiyo apimwe. Minyoo hii inaingia kwa watoto wetu pia wanapocheza kwenye udongo, ndiyo maana mavi yake tunayazoa kila siku na mikono tunanawa kwa sabuni.

Leo Bobi amepata sindano ya kwanza. Inamkinga na parvo, ugonjwa wa kuhara damu, na ugonjwa wa Kare, ule unaoshika mapafu na ubongo, na homa ya ini ya mbwa. Ya pili ni tarehe 12 mwezi wa 8, akiwa na wiki 12, na siku hiyo atachanjwa pia kichaa cha mbwa. Ya tatu ni tarehe 9 mwezi wa 9, wiki 16. Daktari ataongeza na kinga ya leptospirosi, ugonjwa unaosambazwa na mkojo wa panya, ambao unampata mtu pia. Baada ya mwaka mmoja anarudia.

HERI: Kama amechanjwa leo, kwa nini tena mara 2?

YAYA: Kwa sababu ya maziwa ya mama yake. Yale ya siku za kwanza yalimpa kinga. Kinga hiyo bado imo mwilini, na inaizima chanjo kabla haijafanya kazi. Inapungua polepole, kwa huyu mapema, kwa yule kuchelewa, na hatuioni kwa macho. Ndiyo maana tunarudia mpaka wiki 16, ili sindano moja ikute mlango wazi. Anayeishia ya kwanza anaweza kuwa amelipa pesa na mbwa bado hana kinga.

[Picha: karibu, stika ya chupa ya chanjo iliyobandikwa kwenye kitabu, na mhuri.]

YAYA: Chanjo inaishi kwenye baridi, kati ya digrii 2 na 8. Umeme ukikatika siku nzima na frigo ikapata joto, dawa inakufa, na haionekani imekufa. Muulize daktari bila haya: imekaa wapi, umeme ukikosa mnafanyaje? Daktari mzuri hakasiriki. Usinunue chupa sokoni kumchoma mwenyewe. Hapa Lubumbashi tuna bahati, Unilu ina kitivo cha tiba ya wanyama, na madaktari waliosoma wapo mjini. Stika ya chupa ibandikwe kwenye kitabu, na tarehe iandikwe.

Leo jioni anaweza kulala sana, ni sawa. Lakini akivimba uso, akitapika mfululizo au akilegea, mrudishe saa ileile.

Mpaka wiki 2 baada ya sindano ya mwisho, hatembei barabarani kwa miguu yake na hakutani na mbwa tusiowajua. Parvo inakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Kama mbwa alikufa kwa kuhara damu kwenye lupango lenu, ngojeni kabla ya kuleta mwingine, na sakafu ya sementi muioshe kwa sabuni, kisha kwa javeli, kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji. Na mtoto akikataa kula, akatapika na kuhara damu, usingoje kesho.

[Picha: bomba la maji, Heri ananawa mkono kwa sabuni, taratibu.]

YAYA: Neno juu ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kinazuilika. Mbwa yeyote akikuuma au kukuparura, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Jiwe jeusi halitoi kichaa cha mbwa. Majani pia. Wafundisheni watoto waseme wanapoumwa, na msiwapige kwa kusema.

[Picha: uani. Heri amechuchumaa, Bobi mbele yake.]

YAYA: Mafunzo yameshaanza, kwa sababu anajifunza muda wote. Heri, mwite.

HERI: Bobi!

[Bobi anageuka, anakuja. Heri anampa kipande cha kapenta.]

YAYA: Umeona? Zawadi imefika papo hapo. Ikichelewa, hajui amelipwa kwa kitu gani. Na jina lake tusilitumie kumgombeza, la sivyo kesho atalikimbia.

Sasa "kaa". Shika kapenta mbele ya pua. Ipandishe polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Usimkandamize mgongo.

[Bobi anainua kichwa, anakaa.]

HERI: Amekaa, yaya!

YAYA: Mpe. Sema "vizuri", kwa sauti ya kawaida. Tunafanya dakika 3 hadi 5, tunaacha akiwa bado anataka.

HERI: Na akikojoa ndani nimpige?

YAYA: Hapana, wala usimsugue pua. Atajifunza kujificha usikuone. Akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, mbebe kwenye pembe ileile ya lupango na umngoje. Akikojoa pale, msifu na umpe kitu. Mchana kila saa 1 au 2, na usiku mara moja. Ajali ya ndani isafishe tu.

Akikuuma vidole, acha kucheza, simama, nyamaza kidogo. Kisha mpe kitambaa kilichofungwa mafundo. Kumfunga mnyororo mfupi mchana kutwa ili awe mlinzi, mimi sikubali. Mbwa anayewajua watu wake na kujua sauti za nyumbani ndiye anayebweka kwa sababu.

[Picha: getini. Heri amembeba Bobi mikononi. Moto zinapita.]

YAYA: Kabla hajafikisha wiki 14 hivi, ndipo anazoea ulimwengu kwa urahisi. Kwa kuwa hawezi kutembea nje bado, mbebe. Asikie moto, watoto wa shule, mvua kwenye mabati ikifika, mama anayepita na beseni kichwani. Akitetemeka, sogea mbali, ngoja atulie.

[Picha: kitabu cha chanjo, tarehe 3 zimeandikwa kwa kalamu nyekundu.]

YAYA: Tarehe za Bobi nimeziandika chini ya video. Hesabuni za kwenu kuanzia siku aliyozaliwa. Mwenye swali aandike umri wa mbwa kwa wiki, anakula nini, na amechanjwa nini mpaka sasa, ili jibu limfae. Video inayokuja ni tarehe 12 mwezi wa 8, tutakapotoka kwenye sindano ya pili, na tutaonyesha jinsi ya kumzoesha kamba humu ndani ya lupango.