Malalamiko ya kucheleweshewa ombi la cheti cha kuzaliwa

Neema M. Chilongani,
Hombolo,
DODOMA.

16 Juni 2025

Afisa Msajili,
Ofisi ya Usajili ya Wilaya.

Ndugu Msajili,

YAH: KUCHELEWESHEWA BILA MAELEZO OMBI LA CHETI CHA KUZALIWA CHA YOHANA CHILONGANI, OMBI NA. 0417/2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa Yohana na mkulima wa zabibu hapa Hombolo. Jumanne ya tarehe 8 Oktoba 2024 niliwasilisha ofisini kwako ombi la kumsajili mwanangu na kupatiwa cheti chake cha kuzaliwa. Hadi leo zimepita siku 251. Sijapewa cheti, sijakataliwa, wala sijaelezwa kuna tatizo gani.

Nianze na kosa langu. Yohana alizaliwa nyumbani Machi 2006, mwaka ule mvua zilipokata na watu wakahangaikia chakula, akapokewa na mkunga wa jadi ambaye sasa ni marehemu. Najua sheria, Sura ya 108, inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. Mimi sikuandikisha. Kwa hiyo sikuja kudai huduma ya haraka kama aliyejifungulia hospitali juzi. Nilijua nitaulizwa maswali, nikajiandaa: barua ya Mtendaji wa Kijiji, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, nakala ya kitambulisho changu cha Taifa na hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na wakili. Afisa aliyenipokea alipekua karatasi moja moja, akasema zimekamilika, akanipa namba ya malipo. Nililipa siku hiyo hiyo kwa simu, nikarudi dirishani nikapewa risiti. Akaniambia nirudi baada ya wiki tatu.

Risiti hiyo nimeitunza nyuma ya simu yangu, ndani ya kava. Ni ile ya karatasi laini ya mashine. Mwezi Aprili niliona maandishi yameanza kufifia, nikakimbilia kutoa kivuli, na ndicho nilichoambatanisha hapa. Ile yenyewe sasa kinachosomeka ni tarehe na nusu ya kiasi.

Nimefika ofisini kwako mara tano tangu hapo, na kila safari nimeiandika kwenye daftari. Novemba 4 niliambiwa mfumo uko chini. Desemba 16, anayeshughulikia mafaili hayo yuko likizo. Januari 22, "faili liko kwa bosi." Sikuambiwa bosi yupi, na nilipoomba kumwona nikaambiwa yuko kikaoni. Machi 11 nakumbuka vizuri zaidi, kwa sababu tulikuwa katikati ya mavuno na mnunuzi alikuwa anakuja na gari mchana. Niliacha zabibu zikikatwa na wanangu wadogo, nikapanda Kosta ya alfajiri. Siku hiyo dada wa dirishani alinifungulia daftari la kupokelea, naye namshukuru, maana ndiye pekee aliyeinuka kwenye kiti. Tulilikuta jina la Yohana, limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Wa juu yake na wa chini yake wote walikuwa na tiki na sahihi ya kuchukua vyeti vyao. Kwake kulikuwa na alama ndogo ya kuuliza, kwa penseli. Nilimuuliza maana yake. Akasema hajui nani aliiweka.

Ndugu Msajili, alama hiyo ndiyo inayoninyima usingizi kuliko hata kuchelewa kwenyewe. Mtu fulani aliona kitu kwenye ombi langu Oktoba au Novemba, akaweka swali, na hakuna aliyeniuliza mimi swali hilo. Namba yangu ya simu ipo kwenye fomu na haijabadilika.

Nimejaribu kubuni mwenyewe. Huenda ni jina: cheti cha ubatizo kimeandikwa Yohane, vya shule ni Yohana. Kama ni hilo, nitaapa kiapo kingine kesho asubuhi. Huenda ni umri, kwa sababu nimeelezwa kwamba aliyepita miaka kumi anahitaji idhini ya Msajili Mkuu. Kama faili limepelekwa huko, niambiwe lilipelekwa lini na kwa barua yenye kumbukumbu namba ngapi, nilifuatilie. Mara ya mwisho, Mei 6, kijana niliyemkuta alisema "labda limekwenda juu." Kwa neno labda siwezi kufuatilia chochote. Na kama ombi limekataliwa, hilo nalo nipewe kwa maandishi pamoja na sababu, nijue pa kukata rufaa. Ukimya hauna pa kukatiwa rufaa.

Yohana amemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi uliopita. Ili aombe mkopo wa elimu ya juu anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na uhakiki wenyewe unachukua siku zake. Dirisha la maombi likifungwa kabla cheti hakijatoka, atakaa nyumbani mwaka mzima. Zabibu za ekari moja na nusu haziwezi kumlipia chuo, hilo sina haja ya kulieleza kwa mtu anayeishi Dodoma na kuona bei tunazouzia.

Kwenye ukuta wa sehemu yenu ya kusubiria umebandikwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Nimeusoma mara nyingi, maana muda wa kuusoma nimekuwa nao. Unasema mteja ataarifiwa endapo huduma yake itachelewa. Mlinzi wa getini sasa ananiita kwa jina, lakini taarifa hiyo bado sijaipata.

Naomba basi nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii: ombi Na. 0417/2024 limefika hatua gani na liko mikononi mwa ofisi ipi, ile alama ya penseli ilihusu nini, na cheti kitatoka lini. Kama kuna karatasi inayopungua, itajwe kwa jina lake, na zitajwe zote kwa pamoja. Pia naomba barua hii ihesabiwe kuwa ombi la taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016, ambayo inatoa siku 30 za kujibu. Zikipita nitapeleka malalamiko haya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyopo hapa hapa Dodoma, pamoja na kurasa za daftari langu. Ningependa tusifike huko.

Barua hii naileta mwenyewe masijala pamoja na nakala ya pili, ambayo naomba igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nibaki nayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Neema M. Chilongani
(Mama mzazi wa mwombaji)

Viambatisho: kivuli cha risiti ya malipo ya tarehe 8 Oktoba 2024, nakala ya hati ya kiapo, nakala za vyeti vya ubatizo na shule, nakala ya kurasa mbili za daftari la safari.

Nakala: Afisa Mtendaji wa Kata – kwa taarifa.