Ombi la barua ya mapendekezo kwa ajili ya ufadhili wa masomo

Makambako, Njombe
5 Januari 2026

Mwalimu Sanga,
Idara ya Fizikia.

Shikamoo Mwalimu,

YAH: OMBI LA BARUA YA MAPENDEKEZO KWA AJILI YA UFADHILI WA SHAHADA YA KWANZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Neema Mgaya, niliyekuwa mwanafunzi wako wa Fizikia katika tahasusi ya PCM hadi tulipohitimu kidato cha sita mwezi Mei 2025. Matokeo yangu yalikuwa daraja la kwanza la pointi 5, yaani A ya Fizikia na B katika Kemia na Hisabati. A hiyo unajua ilikotoka.

Ninaomba nafasi ya kusoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Ashesi, nchini Ghana, pamoja na ufadhili wa Mastercard Foundation, kwa kuwa bila ufadhili familia yangu haitaweza kulipa ada wala nauli. Ombi langu linahitaji barua ya mwalimu aliyenifundisha somo linaloendana na uhandisi, na ndiyo maana ninakuomba kwa heshima uniandikie.

Mwisho wa kupokea barua ni Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026, saa 5:59 usiku. Ninajua kwamba shule zikifunguliwa utabanwa na ratiba na maandalizi ya maabara, kwa hiyo ningeshukuru kama ungeituma kufikia Ijumaa ya tarehe 23, ili mtandao ukisumbua tubaki na wiki nzima ya kujaribu tena. Barua iwe ya Kiingereza, isizidi ukurasa mmoja, iwe na saini na mhuri wa shule, nawe mwenyewe uipandishe kupitia kiungo utakachopokea kwenye baruapepe yako. Mimi sitaiona, na sina haja ya kuiona.

Utaandika unayoyaona yafaa, lakini naomba nikukumbushe mambo machache. La kwanza, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni ile pampu ya hydraulic ram, inayoendeshwa na nguvu ya maji yenyewe, tuliyoijenga Oktoba 2024 kwenye kijito kilicho nyuma ya bweni, kwa mabomba chakavu na vali mbili, ili maji yapande bustanini bila umeme wala mafuta. Maji yalishuka mita 2 na kupandishwa mita 10, na katika kila lita 20 zilizoingia, lita 2 tu ndizo zilizofika juu. Wenzangu wawili walitaka tuandike lita 4, maana tofauti kati ya kipimo na makadirio yetu ya awali ilitutia aibu. Nilikataa, tukapima upya mara tatu mbele yako, kisha tukaeleza katika ripoti kwamba nusu ya nishati ilikuwa ikipotea, kwa sehemu kwa sababu vali ilichelewa kufunga. Ninalisisitiza hili kwa sababu huko Ashesi wanafunzi wanaojiunga na kanuni yao ya uaminifu hufanya mitihani bila msimamizi chumbani, hivyo nadhani watataka kujua mtu hufanya nini anapoweza kudanganya bila kukamatwa. Wewe ulikuwepo, cheti changu hakiwezi kuwaambia hilo.

Jambo la pili ni alama E niliyopata katika mtihani wa Machi 2024, ambayo itaonekana kwenye taarifa zangu za maendeleo. Nilikosa masomo kwa wiki tano nikimuuguza mama, na niliporudi ulinipa maswali ya ziada kila Jumamosi hadi nikawafikia wenzangu. Tafadhali usiifiche alama hiyo. Ukiieleza wewe, itapokelewa tofauti na nikijitetea mwenyewe. Ukipenda, unaweza pia kutaja kwamba kidato cha sita niliwasaidia wanafunzi wa kidato cha tano katika majaribio ya maabara, ingawa hilo si la lazima. Kuhusu uongozi wangu wa bweni, mwalimu mwingine ataandika.

Nimeambatanisha nakala ya matokeo yangu, insha yangu ya maombi, ripoti ya pampu pamoja na maelekezo ya chuo kwa waandishi wa barua. Kama kuna jambo nililokumbuka vibaya, naomba unisahihishe kabla sijatuma insha.

Endapo majukumu hayatakuruhusu, au ukiona kwamba huwezi kuniandikia barua yenye uzito, naomba unijulishe kufikia tarehe 12 Januari, nami nitamwomba mwalimu wa Hisabati bila kinyongo chochote. Ukipenda tuzungumze, nitafika shuleni siku utakayonipangia, kwani nipo nyumbani mwezi wote huu. Mama anakusalimu; afya yake sasa ni njema.

Wako mtiifu,

Neema Mgaya