Barua kwa darasa: kimeng'enya hakisogezi msawazo

Lubumbashi, tarehe 14 Machi

Kwa wanafunzi wa Lisansi ya Pili, Biolojia

Jambo kwenu wote. Nimemaliza kusahihisha interogasyo ya Jumanne. Karatasi 41 kati ya 58 zinasema kimeng'enya huharakisha mmenyuko, "kwa hiyo" mwishoni zao linakuwa jingi zaidi. Hiyo "kwa hiyo" ndiyo iliyowala alama.

Fikirieni mapipa ya maji mnayoyaweka uani kwa ajili ya siku bomba linapokauka. Yaunganisheni mawili kwa chini na mpira mwembamba, moja limejaa, jingine tupu. Maji yatahama polepole mpaka yalingane. Wekeni mpira mnene: yatalingana upesi, ila kwenye kimo kilekile. Mpira haujui upande wa kwenda.

Sasa tuje kwenye glikolisisi. Triozifosfati isomerasi hugeuza dihidroksiasetoni fosfati kuwa gliseraldehidi-3-fosfati, na kinyume chake. Kwenye msawazo, karibu asilimia 96 ni ya kwanza na 4 tu ni ya pili. Bila kimeng'enya utangoja sana. Ukikitia, unafika mara moja. Lakini unafika palepale, 96 kwa 4.

Sababu ni kwamba K, namba inayosema msawazo uko wapi, inatokana na tofauti ya nishati huru kati ya mwanzo na mwisho:

ΔG°′ = −RT ln K

Kitafuteni kimeng'enya humo, hamtakiona, maana kinatoka kama kilivyoingia. Kinachopunguza ni kimo cha mlima wa katikati, ile hali ya mpito. Na mlima ni mmoja, uupande kutoka huku au kule. Kasi ya kwenda ikizidishwa mara milioni, ya kurudi nayo inazidishwa mara milioni, na K = k₁/k₋₁ haiguswi.

Anayebisha afanye hesabu hii. Tuseme kimeng'enya kingesogeza msawazo. Ningekifunga kwenye punje, nikichovye, mmenyuko uende mbele; nikitoe, urudi nyuma; kila mzunguko nichote kazi ya bure. Ningeshaacha ualimu zamani, niwauzie umeme nyote.

Mmoja wenu aliandika pembeni ya karatasi: "Basi, Mwalimu, glikolisisi inaendaje mbele kwa asilimia 4?" Nimempa alama ya ziada. Inaenda kwa sababu kimeng'enya kinachofuata kinaichukua gliseraldehidi-3-fosfati kila inapotokea, kama mama anayechota kwenye pipa la pili bila kupumzika: maji hayapati nafasi ya kulingana. K haijabadilika, ni seli ambayo hairuhusu msawazo ufikiwe.

Andikeni upya swali la 3 mlilete Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitarudisha nusu ya alama zilizopotea. Ila nataka kuona k₁ na k₋₁ zote mbili. Atakayenionyesha moja tu, asinifuate ofisini.

Mwalimu wenu wa Biokemia